Swali Lisilojibiwa Chini ya Picha ya Mshindani

Ukipitia kurasa za Instagram za mafundi wa sofa wa Dar es Salaam, hasa wale wa Keko, utachoka kuona picha zinazofanana. Sofa imeshakamilika, kitambaa kinang'aa, namba ya simu imebandikwa pembeni, na chini yake maneno yale yale: bei njoo inboksi. Fundi anayeanza biashara huziangalia, akaona mwenzake ana wafuasi wengi, naye akapiga picha za namna hiyo hiyo. Anakuwa mtu wa kumi kusema jambo moja. Kazi ya kukagua ukurasa wa mshindani ni kinyume cha hapo: unatafuta kile ambacho wateja wake wanakiomba na yeye hawapi.

Kwanza ujue mshindani wako ni nani. Wengi huchagua ukurasa mkubwa wanaoupenda, ambao pengine unauza kwa watu wengine kabisa. Njia nzuri ni kuwauliza wateja wako kumi wa mwisho: kama usingenipata mimi, ungenunua wapi? Majina yanayojirudia ndiyo washindani wako. Matatu yanatosha. Mmoja anaweza kuwa hata si fundi, bali duka linaloleta sofa kutoka nje ya nchi.

Kisha chukua daftari, au jedwali la kompyuta, na uandike posti 30 za mwisho za kila mmoja kwa kufuata tarehe. Usichague zile nzuri. Instagram humruhusu mwenye ukurasa kubandika posti chache juu kabisa, na hizo ndizo anazotaka uzione. Anza chini yake. Kwa kila posti andika tarehe, kama ni picha au video, inaonyesha nini, na watu wameuliza nini kwenye maoni. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye mali, na ndiyo ambayo wengi huiruka kwa sababu inachosha macho.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu za kutusaidia kuona. Fundi wetu amekagua kurasa tatu, jumla posti 90. Anakuta 71 ni sofa zilizokamilika, 11 ni salamu za sikukuu na nukuu, 5 ni sofa zikipelekwa kwa mteja, na 3 tu zinaonyesha karakana. Kwenye maoni anapata maswali 140. Maswali 62 ni ya bei. Mengine 31 yanauliza mbao ni gani na sponji ni ya aina gani, 27 yanauliza kama mzigo unafika mikoani na baada ya siku ngapi, na 20 yanauliza vipimo: itapita mlangoni, itaenea sebuleni?

Mtu mwenye haraka atasema pengo ni bei, kwa kuwa ndiyo imeulizwa zaidi. Mimi ningesita. Kabla ya kuliingia pengo lolote jiulize kwa nini wengine wameliacha. Bei hufichwa kwa sababu: mbao hupanda na kushuka, kila mteja anataka kipimo chake, na fundi anapenda kupatana. Ukiandika bei moja tu, mwezi ujao utakuwa unagombana na mteja aliyehifadhi picha yako. Pengo hilo linaingilika, ila kwa uangalifu: andika bei pamoja na kipimo, aina ya mbao na tarehe ya mwisho ya bei hiyo. Hata hivyo, mshindani anaweza kukufuata kesho yake asubuhi.

Yale maswali 31 ya mbao na sponji yana uzito mkubwa zaidi. Yasome moja moja na utasikia hofu ndani yake. Mtu aliyewahi kununua sofa ikabonyea katikati baada ya miezi michache anajua kwamba ubaya hujificha chini ya kitambaa. Fremu inaweza kuwa ya mninga au mkongo, inaweza kuwa ya paini laini, na picha ya sofa iliyokamilika haiwezi kumwambia lolote. Katika posti 90, ni 3 tu zilizokaribia kumjibu. Hapa kuna watu wanaouliza, hakuna anayejibu, na sababu ya kutojibu huenda ni kwamba baadhi ya washindani hawangependa ndani ya sofa zao kuonekane. Pengo la namna hii mshindani hawezi kuliziba kwa kupiga picha tofauti. Itabidi abadilishe hata mbao anazonunua.

Sasa soma mstari wa utambulisho juu ya kila ukurasa. Ukikuta wote watatu wameandika ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu, basi hakuna aliyesema kitu. Fundi wetu anaweza kuandika: tunakutumia video ya fremu na sponji kabla hatujaweka kitambaa. Hiyo ni ahadi ambayo mteja anaweza kuipima, na ndiyo nafasi yake sokoni. Lakini kama yeye mwenyewe anatumia mbao laini, asiiseme. Achague yale maswali 27 ya mikoani na ajenge hapo.

Matangazo ya kulipia nayo yanaonekana. Kwenye facebook.com/ads/library mtu yeyote anaweza kuchagua nchi, akaandika jina la ukurasa, akaona matangazo yanayoendelea Facebook na Instagram na tarehe yalipoanza. Tangazo lililodumu kwa miezi kadhaa pengine linamlipa mwenyewe. Kwa matangazo ya kawaida ya biashara hapa kwetu hutaona kiasi alichotumia, kwa hiyo ichukulie kama dalili tu.

Yapo mambo ya kukupotosha. Wafuasi hununuliwa, ukiona ukurasa una wafuasi maelfu kwa maelfu na maoni ni vikatuni vya moto na mioyo bila swali hata moja, usiuogope. Posti ya zawadi inayowataka watu wataje marafiki watatu hujaza maoni, hivyo iondoe kwenye hesabu. Video yenye watazamaji wengi kupita kiasi inaweza kuwa imelipiwa. Usilinganishe ukurasa mkubwa na mdogo. Linganisha kila posti na posti za kawaida za ukurasa huo huo. Na kumbuka kwamba maoni mabaya hufutwa, kwa hiyo fungua pia sehemu ya picha ambazo wateja wamemtaja wenyewe, maana huko wakati mwingine sofa iliyochoka huonekana. Mazungumzo ya inboksi na mauzo halisi hutayaona kabisa.

Ndiyo maana ukaguzi huu hutoa dhana, na dhana hupimwa. Fundi wetu atengeneze video nne fupi za ndani ya sofa ndani ya mwezi mmoja, aziweke katikati ya posti zake za kawaida, kisha asihesabu mioyo. Ahesabu maswali. Kama watu wanatoka kwenye "bei?" na kufika kwenye "nikilipa leo inakamilika lini?", pengo lilikuwa la kweli. Kama video nne zimepita kimya, aachane nalo arudi kwenye daftari lake. Iwe limefaulu au limeshindwa, arudie ukaguzi kila baada ya miezi mitatu, maana washindani nao wanausoma ukurasa wake.