Tokeni Moja, Miradi 23,000

Ijumaa ya tarehe 14 Machi 2025, miradi ya programu iliyotapakaa duniani ilianza kuanika siri zake yenyewe. Funguo za huduma za mtandaoni na tokeni za kuchapishia programu zilimwagwa kwenye kumbukumbu za kazi, na katika miradi iliyo wazi kumbukumbu hizo husomwa na yeyote anayetaka. Aliyefanya hayo aliingia kwa tokeni ya roboti. Akaunti yake iliitwa tj-actions-bot.

GitHub ndiko waandishi wengi wa programu wanakohifadhi msimbo wao na kuufanyia kazi kwa pamoja. Mtu akibadilisha kitu, GitHub inaweza kuwasha kompyuta ya muda, ikaujaribu msimbo mpya, ikaupeleka unakotakiwa, kisha kompyuta hiyo ikafutwa. Hatua za kazi hiyo aghalabu huundwa kwa vipande ambavyo wengine wameshavitengeneza. Kimojawapo ni tj-actions/changed-files, na shughuli yake ni ndogo mno: kutaja mafaili gani yamebadilika. Miradi zaidi ya 23,000 ilikuwa inakitumia. Walezi wake, kama ilivyo desturi ya miradi mingi, walikuwa na akaunti ya roboti yenye ruhusa ya kuandika kwenye msimbo wao.

Tokeni ya roboti huyo iliponyoka vipi? Wachunguzi wa kampuni ya usalama ya Wiz walifuata nyayo hadi siku tatu nyuma, tarehe 11 Machi, pale kipande kingine, reviewdog/action-setup, kilipotiwa msimbo wa hila. Kazi mojawapo ya walezi wa tj-actions ilikuwa inakitumia kipande hicho, na kazi hiyo ilikuwa inaendeshwa kwa tokeni ya roboti. Mhalifu hakuwa na haja ya kuvunja mlango.

Alichofanya baadaye kinahitaji maelezo kidogo. Watumiaji wengi huita kipande kwa jina la toleo, tuseme v45. Jina hilo ni kibandiko tu; mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kukibandua na kukibandika juu ya msimbo mwingine kabisa. Vibandiko vya matoleo yote, ya zamani na mapya, vilihamishiwa kwenye badiliko moja lenye sumu, lililovaa jina la roboti mwingine anayejulikana, renovate[bot]. Msimbo huo ulisoma kumbukizi ya kompyuta ya muda, ukachota siri zilizomo na kuzichapisha zikiwa zimefumbwa mara mbili kwa base64. Kuzifumba hakukuwa kwa ajili ya kuzificha, maana kuzifumbua ni kazi ya sekunde chache. Ni kwamba GitHub huziba siri inazozitambua kwa nyota *, na siri iliyobadilishwa sura haitambui.

Kampuni ya StepSecurity ndiyo iliyopiga yowe. Kifaa chao cha ulinzi kiliona kompyuta za kazi zikiwasiliana na gist.githubusercontent.com, anwani ambayo kazi hizo hazikuwa na mazoea ya kuigusa. Kesho yake GitHub ilikiondoa kipande hicho kwa saa kadhaa, kisha kikarudi kikiwa kimesafishwa.

Walezi nao walibadilisha nywila ya roboti, wakaiwekea akaunti ufunguo wa siri unaokaa kwenye kifaa, wakapunguza ruhusa zake hadi kiwango cha chini kabisa, na kutangaza kuwa miradi yao haitatumia tena tokeni za aina ile. Hatua zote hizo ni za maana, lakini hazizibi tundu moja, na hapo ndipo watu wengi hujichanganya.

Kuingia kwa hatua mbili hulinda ukurasa wa kuingilia. Anayeijua nywila bado ataulizwa tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, au ataambiwa aguse kifaa. Tokeni haipiti ukurasa huo. Imetengenezwa makusudi ili programu ifanye kazi saa nane za usiku bila mtu wa kuulizwa chochote, na ndiyo maana aliyeiiba haulizwi pia. Akaunti ya roboti inaweza kuwa na hatua mbili barabara kabisa na bado ikaporwa kwa tokeni iliyovuja.

Hatua mbili zenyewe, kwa akaunti inayotumiwa na wengi, zina vituko vyake. Tuichukue ofisi ya watu wanne wanaojenga tovuti za wateja kumi. Wakisajili namba ya simu ya mmoja wao, siku akisafiri kazi inalala. Wakiiskani ile picha ya QR kwa simu mbili, zote zitatoa tarakimu zilezile kwa wakati uleule, na misimbo ya dharura ikichapishwa na kufungiwa kabatini, hakuna anayekwama. Ila mmoja wa wale wawili akiacha kazi, simu yake inaendelea kutoa tarakimu halali. Kumtoa kwenye kikundi cha WhatsApp hakusaidii kitu: lazima QR ifutwe, itengenezwe mpya, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo. Afadhali kila mmoja asajili ufunguo wa kifaa chake kwa jina lake; akiondoka unafutwa wa kwake peke yake.

Upande wa tokeni, kosa la ofisi hiyo huwa ni kutengeneza moja yenye uwezo wote na kuibandika kila mahali. Ikivuja, wateja wote kumi wameguswa, na hakuna anayeweza kusema imevujia wapi. GitHub inaruhusu tokeni inayochaguliwa mradi mmoja mmoja, ruhusa moja moja, na tarehe ya kufa. Kwa hiyo kazi ya kupakia tovuti ya mteja wa kwanza ina tokeni yake ya siku 90, na ya mteja wa pili ina yake. Mara nyingi hata hiyo haihitajiki, kwa kuwa kila kazi hupewa na GitHub tokeni ya muda inayokufa kazi ikiisha. Kuibana isiweze kuandika ni mistari miwili:

```yaml
permissions:
  contents: read
```

Mistari hiyo inaibana tokeni ya muda tu. Siri nyingine ambazo mwenye mradi amezikabidhi kwa kazi hiyo kwa mkono wake zinabaki na nguvu zake zote, na kipande chenye sumu kitazisoma. Dhidi ya kibandiko kinachohama, dawa ni kuacha kuita v45 na kuandika namba ndefu ya badiliko lenyewe, yenye herufi na tarakimu 40, ambayo haihamishiki. Waliokuwa wamefanya hivyo kwa namba ya zamani hawakuguswa na balaa la Machi.

Kuna pia roboti ambaye hawezi kukwepa kuandika, kwa mfano anayetoa matoleo mapya. Huyo anafaa kusajiliwa kama programu ya GitHub badala ya akaunti ya kawaida: haina nywila ya kugawana, na tokeni zake hudumu saa moja. Hata hivyo ufunguo unaozizalisha unakaa mahali fulani, na mahali hapo ndipo pa kulindwa.

Katika ukurasa wa tokeni, GitHub huonyesha kila moja ilitumika lini mara ya mwisho. Ofisi yetu ikikuta tokeni ya mteja aliyeondoka mwaka jana imetumika wiki hii, inaifuta kwanza, kisha ndipo inaanza kuuliza nani aliitumia.