Orodha ya Kikundi Ikivurugika Kwenye Kompyuta: Jinsi ya Kuirudisha Katika Safu Zake

Makatibu wengi wa vikundi vya wakulima hupokea orodha ya wanachama ikiwa PDF. Wakiinakili na kuibandika kwenye Excel ili waongeze jina au kurekebisha idadi ya mifuko ya mbolea, jedwali huvunjika. Safu wima zote nne huangukia kwenye safu moja, na kila neno linakaa juu ya jingine namna hii:

```
Namba
Jina
Simu
Mifuko
001
Mwanachama A
07xxxxxxx1
2
002
Mwanachama B
1
003
```

Usianze kuandika upya. Orodha ya watu 40 ukiichapa kwa mkono, tarakimu moja tu ikikosewa kwenye simu, mkulima hatapata ujumbe wa kwenda kuchukua mbolea yake. Fuata hatua hizi.

Kabla ya kubandika

Fungua ukurasa mtupu wa Excel. Bofya herufi A iliyo juu ya safu ya kwanza, kisha kwenye Home ubadilishe General iwe Text. Usipofanya hivyo, Excel itachukulia namba za simu kuwa hesabu na kuondoa sifuri ya mbele, na 001 itabaki 1. Sasa bofya seli A1, na unapobandika uchague Match Destination Formatting.

Kuhesabu mistari

Jedwali letu lina safu wima nne. Kwa hivyo wanachama 40 pamoja na mstari wa vichwa ni safu mlalo 41, na hizo zinapaswa kuwa mistari 164. Andika hesabu hii katika seli H1:

```
=COUNTA(A:A)/4
```

Jibu likiwa 41, idadi imetimia. Tuseme umepata 40.75. Maana yake kuna mistari 163, yaani mmoja umepungua. Kama chini ya orodha kuna mstari wa jumla au namba ya ukurasa, ifute kwanza ndipo uhesabu.

Kurudisha safu

Katika seli C1 andika:

```
=INDEX($A:$A,(ROW()-1)*4+COLUMN()-2)
```

Ivute kulia hadi F, kisha uivute chini hadi mstari wa 41. Fomyula hii huchukua mistari minne minne kutoka safu A na kuilaza upande. Jedwali lenye safu wima tano litahitaji 5 mahali pa 4, na utaivuta hadi G.

Kumtafuta aliyepungua

Tazama mfano wetu. Mwanachama B hana simu. Katika PDF nafasi yake ilikuwa tupu, na nafasi tupu hainakiliwi. Matokeo yake ni kwamba 1, idadi ya mifuko yake, imekaa chini ya Simu, na 003, namba ya jirani yake, imekaa chini ya Mifuko. Asiyeangalia atampa mifuko mitatu mtu aliyeomba mmoja. Kuanzia hapo kila anayefuata amesogea nafasi moja, na jina la Mwanachama C limeingia chini ya Namba.

Basi shuka na safu ya Namba kwa macho. Mahali 001, 002, 003 zinapokatika, kosa liko kwenye mstari wa juu yake. Rudi safu A, bofya kwa kitufe cha kulia seli yenye 1 ya Mwanachama B, chagua Insert, kisha Shift cells down. Katika seli mpya andika "hana". Orodha yote ya chini itajipanga yenyewe, na H1 itasoma 41.

Kuna kosa la kinyume. Jina refu lililokunjwa katika PDF huingia kama mistari miwili. Liunganishe katika seli moja, kisha ufute ile ya pili kwa Delete na Shift cells up. Kosa hili likikutana na lile la kwanza, hesabu ya H1 hutimia ilhali watu wa katikati wamechanganyika. Ndiyo sababu hesabu peke yake haitoshi. Lazima macho yapite safu ya Namba hadi mwisho.

Hakikisha, kisha hifadhi

Katika G2 andika `=VALUE(F2)` na uivute hadi G41, kisha jumlisha kwa `=SUM(G2:G41)`. Jumla hiyo ilingane na ile iliyo kwenye PDF. Mwisho, nakili C hadi F na uzibandike kwenye ukurasa mpya kwa Paste Special, Values. Ukifuta safu A kabla ya hapo, jedwali lote litaharibika.

Njia hii haifai kwa orodha iliyopigwa picha au skani, kwa kuwa hiyo haina maandishi ya kunakili. Hapo mwombe aliyeitayarisha akutumie faili yenyewe ya Excel.