Video ya harusi itaenea kwenye flashi?

Mhariri amemaliza kuunganisha harusi yenye urefu wa saa 3. Familia inaitaka kwenye flashi ya gigabaiti 16, kesho asubuhi. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutoa video, aangalie namba moja kwenye mipangilio: Target Bitrate. Hiyo ndiyo idadi ya biti zinazotengewa kila sekunde ya video. Hapa ameweka 8 Mbps, yaani megabiti 8 kwa sekunde, na sauti inaongeza takribani 0.2.

Saa 3 ni sekunde 10,800. Zidisha kwa 8.2 upate megabiti 88,560. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8: megabaiti 11,070, yaani gigabaiti 11 na ushei. Ukitaka njia ya mkato, zidisha megabiti kwa 0.45 upate gigabaiti za kila saa.

Flashi ina nafasi, lakini faili linaweza kukataliwa. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kuanzia gigabaiti 4. Aidha uigawe video vipande, au uifomati flashi kwa exFAT baada ya kuhakikisha kwamba televisheni ya wenye harusi inausoma. Kubana saa 3 zote ziingie kwenye gigabaiti 4 kungebakisha megabiti 3 hivi kwa sekunde, na hapo watu wakianza kucheza chini ya taa za rangi, picha hukatika vijiraba. Mimi ningegawa vipande.

Hesabu hii huaminika pale unapotaja wastani wa biti. Ukichagua kutoa kwa kiwango cha ubora, kama CRF, programu hutumia biti kadiri picha inavyodai, na ukubwa haujulikani hadi ujaribu.

Muda wa kurenda una hesabu yake. Kupunguza megabiti hakuufupishi sana, kwa sababu kompyuta bado inalazimika kutengeneza kila fremu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, harusi hii ina fremu 270,000. Kinachochelewesha ni kilichofanywa juu yake: kusafisha chengachenga za gizani, kurekebisha rangi, kupunguza mwendo.

Basi toa dakika moja ya kila aina. Tuseme dakika ya hotuba imechukua sekunde 30, na dakika ya ukumbini, iliyosafishwa chengachenga, imechukua dakika 2. Kama hotuba na ibada ni saa 2 na ukumbi ni saa 1, utahitaji saa 1 kwa sehemu ya kwanza na saa 2 kwa ya pili. Aliyepima hotuba peke yake angeahidi saa moja na nusu.

Jaribio hilo lifanywe kompyuta ikiwa imeshapata moto. Laptopu ikizidi joto hupunguza kasi yake yenyewe, na dakika ya kwanza asubuhi haifanani na ya mia.