Kinu cha posho na riba ya asilimia 22

Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Mwezi huohuo serikali ikauza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, bila kodi. Aliyekuwa akifikiria kuweka akiba yake kwenye biashara ndogo alipata kipimo kigumu: kwa nini ahangaike na mashine, mikanda na wateja wa mkopo ikiwa serikali inamlipa hivyo akiwa amekaa?

Tuchukue mfano wa kinu cha posho cha shilingi 500,000, kinachotarajiwa kubakiza 150,000 kila mwaka kwa miaka 5, kwa bei za leo. Nusu ya fedha ni mkopo wa asilimia 20. Nusu ni akiba ya mwenyewe, nayo si ya bure. Hati fungani ingempa 18.46 bila hatari ya kuharibikiwa mota, kwa hiyo si vibaya akidai 24. Wastani wake ni asilimia 22, na hicho ndicho kiwango cha punguzo: kipimo cha kushushia mapato ya kesho yalingane na fedha za leo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakipunguza 150,000 za kila mwaka kwa asilimia 22, miaka yote 5 huwapa kama 429,500, chini ya gharama kwa 70,500, na mradi hutupwa. Lakini ile 22 tayari imebeba mfumuko wa bei, kwa kuwa mkopeshaji ameshaujumlisha kwenye riba yake, ilhali 150,000 ni za bei za leo. Mfumuko umekatwa upande mmoja tu.

Januari 2024 mfumuko ulikuwa asilimia 6.9, tuseme 7. Gawanya 1.22 kwa 1.07, upate 1.14: riba halisi ni kama asilimia 14. Kwa kiwango hicho mapato yana thamani ya karibu 514,700, na kinu kinapita kwa 14,700. Anayependelea kubaki na 22 aongeze mapato kwa asilimia 7 kila mwaka. Jibu ni lilelile. Kosa la kinyume ni baya zaidi: kukuza mapato kwa mfumuko, kisha kuyapunguza kwa 14, hufanya karibu kila mradi uonekane mzuri.

Hata hivyo hesabu hiyo inadhani mapato yatapanda sambamba na bei nyingine. Umeme ukipanda huku wateja wakikataa nyongeza, na kinu kikaendelea kubakiza 150,000 zilezile, basi 429,500 ndiyo thamani yake ya kweli, na ile hasara ya 70,500 si kosa la hesabu tena. Ziada ya 14,700 ni ndogo mno kuvumilia hilo. Kabla ya kusaini mkopo, mnunuzi aulize vinu vya jirani bei ya kusaga gorogoro moja imepandishwa mara ngapi katika miaka mitatu iliyopita, na bili ya umeme imepanda kwa kiasi gani katika muda huohuo.