Bando Halijaisha, Mbona Linatambaa?

Bando langu la mwezi, lile la "bila kikomo", lilikwenda vizuri hadi siku ya 17. Jioni hiyo video zikaanza kukwama, nami nikafanya wanachofanya wengi: nikazima ruta, nikaiwasha, nikaisogeza dirishani. Wapi! Meseji za WhatsApp zilipita kama kawaida, lakini kila kilicho kizito kiligoma.

Kwanza tazama aina ya bando. Bando la GB za kuhesabika likiisha, kwa kawaida hukatika au huanza kula salio. Linaloelekea kubanwa ni lile linalouzwa kwa siku au mwezi bila kutaja GB. Mnara mmoja hugawana nguvu zake kwa watu wengi, kwa hiyo kampuni huweka kiwango ndani ya masharti na kukiita "matumizi ya haki". Ukikivuka hukatiwi, ila unawekewa dari ya kasi. Kiwango changu kilikuwa GB 100, kimeandikwa kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Ruta ilionyesha nimetumia GB 103.

Hiyo ilikuwa dalili tu, maana mnara uliozidiwa na watu nao hupunguza kasi. Nikapima kwenye fast.com mara nne, ruta palepale, vifaa vingine vyote vimezimwa. Saa 12 asubuhi nilipata 980 Kbps, yaani karibu Mbps 1. Saa 7 mchana, 970. Saa 3 usiku, 980. Saa 9 usiku, mtaa mzima umelala, 980 ileile. Msongamano hauendi hivyo: kasi hushuka watu wakirudi nyumbani, kisha hupanda usiku wa manane. Namba iliyoganda usiku na mchana ni dari.

Nikathibitisha kwa kuazima laini ya jirani ya mtandao uleule, yenye bando la kawaida, na kuitia kwenye ruta ileile. Mbps 14. Ingekuwa nayo imekwama, ningeulaumu mnara au ruta.

Angalizo: kipimo kimoja hakitoshi. Fast.com hupima kwa kushusha data kutoka kwenye kompyuta za Netflix, na kuna mitandao inayobana video peke yake. Kikitoa namba ndogo huku kipimo kingine kikitoa kubwa, huenda ni hilo. Pima kwa uangalifu pia, kwani kwenye laini yenye kasi kila jaribio hula MB nyingi.

Mbps 1 ni kama KB 125 kwa sekunde, hivyo filamu ya MB 700 huchukua zaidi ya saa moja na nusu. Kuzima na kuwasha ruta hakuondoi dari hiyo, kwa sababu imewekwa kwenye mitambo ya kampuni na inaifuata laini yako. Yangu iliondoka bando lilipoanza upya, siku 13 baadaye. Siku hizo zote filamu nilizishusha usiku, nikazitazama asubuhi.