Somo: Namna ya Kupanga Maswali ya Wasikilizaji

Katika kikundi cha kusikiliza radio, mwandishi huandika maswali ya watu katika daftari, na chini ya kila swali jibu la Padri. Mpango wake ni mmoja tu: lililoulizwa kwanza huandikwa kwanza. Maswali yakiwa 10, hayasumbui. Yakifika 40, ni lazima kuyapitia yote ili kupata moja. Na kuna swali lisilongoja: usiku mtoto mchanga yu mahututi, Padri yuko mbali, ni nani awezaye kumbatiza? Jibu limo: mtu ye yote aweza, akiwa na nia ya kufanya lifanyalo Kanisa. Lakini limejificha katika namba 31. Basi tuchukue daftari la namna hiyo, tulipange upya.

Kwanza, tunanakili kila swali juu ya kipande chake cha karatasi, na pembeni tunaandika namba yake ya zamani. Hapo tunaona kwamba swali la 7 na la 26 ni moja: yote mawili yauliza kama maji huvunja mfungo wa Komunyo. (Hayauvunji, wala dawa haiuvunji.) Tunayaunganisha. Swali la 12 lina mambo mawili: kama mtoto wa wazazi wasiofunga ndoa Kanisani aweza kubatizwa, na wazazi hao wafanye nini wapate kuifunga. Hilo tunaligawa. Lakini tujihadhari na maswali yanayofanana kwa sura tu. «Msimamizi wa ubatizo awe mtu wa namna gani?» na «Je, mama aweza kumsimamia mtoto wake mwenyewe?» si swali moja. Mwenye kuuliza la pili ataka kusikia neno moja: hawezi. Yakae jirani, kila moja na jibu lake.

Pili, tunagawa vipande katika mafungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ina sehemu nne: Imani, Masakramenti, Amri na Sala. Mpango huo wamfaa ajifunzaye tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mwenye swali hutafuta kwa kufuata jambo lililompata: amezaa, ataka kuoa, ana mgonjwa. Kwa hiyo mafungu yetu ni sita: A, Ubatizo, B, Misa na Komunyo, C, Kitubio, D, Ndoa, E, Wagonjwa na wafu, F, Sala na sikukuu. Fungu lenye swali moja tuliunganishe na jirani yake. Tusifanye fungu la «Mengine», kwani litakuwa tena orodha ile ile ya zamani.

Tatu, swali la mtoto mahututi likae wapi, katika Ubatizo au katika Wagonjwa? Jibu kamili likae mahali pamoja tu, kwa maana likiandikwa mara mbili, siku moja Padri atasahihisha la kwanza na la pili litabaki na kosa. Tunaliweka la kwanza katika Ubatizo, na katika Wagonjwa tunaandika mstari wa kuelekeza: «Mtoto mahututi hajabatizwa: tazama A1.»

Nne, tunatia namba mpya, kila fungu likianza na 1, na mwishoni mwa fungu tunaacha ukurasa mtupu kwa maswali yajayo. Hivyo swali jipya la ndoa halitabadili namba za wagonjwa. Kando ya namba mpya tunaandika ya zamani, «A1 (zamani 31)», kwa ajili ya waliokwisha kuambiwa watazame swali la 31.

Mwisho kabisa, kurasa zikiwa zimetimia, tunaandika Yaliyomo juu ya ukurasa wa kwanza: jina la fungu, maswali yake, na namba ya ukurasa. Tutumie maneno ya muulizaji. Si «Mhudumu wa Ubatizo katika hatari ya kifo», bali «Mtoto ataka kufa, Padri hayupo: nani ambatize?»

Twajuaje kwamba mpango ni mwema? Tumpe daftari mtu asiyetusaidia kulipanga, tumwombe atafute maswali matatu, nasi tutazame kidole chake kinakwenda wapi kwanza. Kikienda katika fungu lisilo na jibu, tusimlaumu. Hapo ndipo panapotaka mstari wa kuelekeza.

Kazi ya juma hili. Swali hili litakaa katika fungu gani, na mstari wa kuelekeza utakaa wapi: «Mgonjwa asiyeweza kufika Kanisani atapokeaje Komunyo?»