Maji Yanayokimbia: Jinsi Mazigazi Yanavyotokea Barabarani na Katika Jangwa la Chalbi

Mchana wa jua kali, dereva anayetoka Marsabit kuelekea Turbi hufika mahali ambapo barabara kuu ya Moyale imenyooka kupita nyanda za Dida Galgalu. Mbele yake lami huonekana imelowa, kana kwamba mvua imepita hapo muda si mrefu. Maji hayo hung'aa na kutikisika, na gari linalokuja kutoka upande wa pili huonekana likielea juu yake. Dereva akifika mahali hapo hukuta lami kavu, na maji yamehamia mbele zaidi. Wanaosafiri katika Jangwa la Chalbi, kati ya Maikona, Kalacha na North Horr, huyaona pia, ila kule huonekana kama ziwa zima.

Jambo hili huitwa mazigazi, na wengine huliita sarabi. Watu wengi hudhani husababishwa na kiu au uchovu. Ukweli ni kwamba kamera isiyo na kiu wala uchovu huyapiga picha mazigazi vilevile. Mwanga unaofika machoni ni wa kweli. Kinachomdanganya mtu ni njia uliyopitia.

Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde mahali pasipo na hewa. Ukiingia katika hewa hupungua mwendo kidogo, na kadiri hewa ilivyo nzito ndivyo mwanga unavyochelewa zaidi. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa moto. Kwa hivyo mwanga hupita haraka kidogo katika hewa moto kuliko katika hewa baridi. Kati ya hewa ya nyuzi 30 za selsiasi na ile ya nyuzi 50, tofauti ya mwendo ni kama kilomita 5 tu kwa sekunde. Tofauti hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kilomita 300,000, lakini inatosha kuleta mazigazi.

Jua likichoma lami tangu asubuhi, lami hupata joto kuliko hewa iliyo juu yake, kisha huipasha moto hewa inayoigusa. Joto hilo huwa kali zaidi karibu kabisa na barabara, na hupungua haraka mtu anapopanda juu. Hivyo hewa hujipanga kwa matabaka: iliyo moto na nyepesi chini, iliyo baridi na nzito juu. Hewa moto hupanda na kuondoka, lakini lami huendelea kupasha nyingine, na tabaka la chini halikosi joto hadi jua lipungue.

Mwanga unaopita katika matabaka hayo hupinda, na sababu yake inaweza kueleweka kwa mfano wa mkokoteni wa punda. Mkokoteni ukienda kwenye ardhi ngumu, kisha gurudumu la kulia likaingia katika mchanga, gurudumu hilo huchelewa huku la kushoto likiendelea na mwendo wake. Mkokoteni hugeuka kulia, yaani upande wa gurudumu linalochelewa. Mwanga unaoteremka kutoka angani kwa mshazari na kukaribia lami hufanya vivyo hivyo. Upande wake wa chini uko katika hewa moto na huenda haraka, ilhali upande wa juu uko katika hewa nzito na huchelewa. Mwale hugeukia upande unaochelewa, yaani juu. Hupinda polepole kabla ya kugusa barabara, kisha hupanda hadi kwenye jicho la dereva.

Jicho halijui kwamba mwale umepinda. Lenyewe huchukulia kuwa mwanga wote hufika kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo huweka chanzo chake chini, juu ya lami. Anachokiona dereva barabarani ni kipande cha anga. Kwa kuwa maisha yake yote amezoea kuona anga ikijionyesha chini pale penye maji, akili humwambia kuwa hapo pana maji. Hewa moto inayopanda na kuchanganyika na ile ya juu huyumbisha miale, na hilo ndilo linaloyafanya maji hayo yaonekane yana mawimbi.

Mwanga hauwezi kupinda sana katika hewa. Chukulia kwamba hewa iliyo usawa wa macho ya dereva ni nyuzi 30 na ile inayogusa lami ni nyuzi 50. Miale itakayopinda na kurudi juu ni ile tu inayoteremka kwa mshazari mdogo sana, chini kidogo ya milimita 6 kwa kila mita moja ya safari. Inayoteremka kwa mshazari mkubwa kuliko huo hugonga lami kama kawaida, na hapo dereva huiona barabara yenyewe. Dereva wa gari dogo ambaye macho yake yako mita 1.2 juu ya barabara tambarare ataona maji yanaanza kama mita 210 mbele yake. Dereva wa lori ambaye macho yake yako mita 2.4 juu atayaona yakianzia kama mita 420. Wote wawili wako kwenye lami moja, saa moja, lakini kila mmoja ana maji yake.

Hii ndiyo sababu maji hayo hayafikiwi. Umbali wake hupimwa kutoka kwenye jicho la anayetazama, na gari likisonga mita 100 mbele, maji nayo husonga mita 100. Joto la lami likizidi, mwanga huweza kupinda zaidi, na maji huanza karibu kidogo. Katika mfano huohuo, hewa inayogusa lami ikifika nyuzi 60, dereva wa gari dogo atayaona kwenye mita 175 hivi. Upepo mkali ukivuma na kuchanganya hewa, au wingu likifunika jua kwa muda, mazigazi hufifia.

Kwa dereva, jambo la kuangalia zaidi ni kile ambacho mazigazi hukificha. Kwenye barabara tambarare, palipoanza maji ndipo mwisho wa lami anayoiona. Zaidi ya hapo anaona anga mahali pa barabara. Kitu kifupi kilicho mbali, kama jiwe au mbuzi aliyelala, kinaweza kumezwa chote. Gari linalokuja huonekana halina magurudumu, au huonekana mara mbili, moja likiwa limesimama na jingine chini yake likiwa limepinduka. Kwa kuwa sehemu ya gari imefichwa au imerefushwa, ni vigumu kukadiria liko umbali gani na linakuja kwa kasi gani.

Hesabu ya kulipita gari jingine inaonyesha uzito wa jambo hili. Magari mawili yanayokutana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, hukaribiana kwa mita 44 hivi kila sekunde. Dereva anayehitaji sekunde 10 kulipita lori lililo mbele yake anahitaji zaidi ya mita 440 za barabara isiyo na gari linalokuja. Ikiwa maji yanaanzia mita 210, zaidi ya nusu ya umbali huo uko ndani ya mazigazi. Dereva wa aina hiyo haoni barabara tupu, bali anaikisia. Taa za mbele zikiwashwa hata mchana, gari huonekana mapema zaidi na wanaokuja upande wa pili.

Katika Chalbi, swali huwa tofauti. Jangwa hilo ni sakafu tambarare ya ziwa la kale, na chumvi iliyobaki huifanya ardhi ing'ae. Jua likipanda, vilima vya mbali hukatwa miguu na kuonekana kama visiwa. Askari wa Ufaransa walioingia Misri pamoja na Napoleoni mwaka 1798 waliona vijiji vikizungukwa na maji namna hiyohiyo, na mwanahisabati Gaspard Monge, aliyekuwa katika msafara huo, akaeleza kwamba chanzo chake ni hewa iliyopashwa moto na ardhi. Msafiri anayetumia kilima kama alama ya njia anapaswa kujua kwamba kufikia adhuhuri umbo la kilima hicho linaweza kuwa limebadilika kabisa.

Isitoshe, Chalbi hupata maji ya kweli. Mvua kubwa ikinyesha, sehemu za jangwa hufunikwa na maji, na hata yanapokauka juu, tope hubaki chini. Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni kuacha njia na kufuata maji yasiyokuwepo, huku maji ya kunywa yakipungua mtungini. La pili ni kuona maji ya kweli, kuyadharau kwa kudhani ni mazigazi, na kuzamisha gari katika tope mbali na msaada.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha, nayo hutokana na hesabu ileile ya urefu wa macho. Msafiri asimame na kutazama mahali maji yanapoanzia, akilinganisha na alama isiyosogea, kama jiwe au kichaka. Kisha achuchumae. Mtu ambaye macho yake yako mita 1.6 juu akiwa amesimama huona mazigazi yakianza kwenye mita 280 hivi, kwa tofauti ileile ya nyuzi 20. Akichuchumaa hadi macho yawe mita 0.8, huyaona yakianza kwenye mita 140. Kwa hivyo mazigazi humjia anapoinama na kuipita alama yake. Akipanda juu ya gari, hurudi nyuma au hutoweka. Maji ya kweli hayafanyi hivyo. Ukingo wake hubaki penye alama ileile, mtu akiinama au akipanda.

Kama bado kuna shaka, saa nayo husaidia. Alfajiri, kabla jua halijaipasha ardhi, tabaka la hewa moto huwa halipo, na ziwa la mazigazi lililoonekana jana mchana halitakuwepo. Maji yakionekana mahali palepale hata wakati huo, hayo ni maji ya kweli. Gari lisipite hapo kabla ya mtu kushuka na kukagua ardhi kwa miguu.